Mac imegoma kufungua programu? Soma kwanza imeandika nini

Leo tuongelee kitu ambacho kila mwenye Mac ataki­kutana nacho siku moja, na mara nyingi ni siku ambayo oda zimejaa. Umepakua programu ya kuchapa lebo, au ya kupunguza ukubwa wa picha za bidhaa, umeibonyeza ifunguke, Mac inakuletea kiboksi cha Kiingereza na inagoma. Wengi hapo wanafanya moja kati ya mambo mawili. Kuna anayeifuta na kukata tamaa, na kuna anayeingia mtandaoni kutafuta njia yoyote ya kulazimisha, akiona amri tu anaibandika bila kujua inafanya nini. Huyu wa pili ndiye anayenipa wasiwasi, maana kwenye hiyo hiyo laptopu ukurasa wako wa biashara uko wazi, imeli iko wazi, na pengine akaunti ya benki iko wazi.

Kwa hiyo tutaenda taratibu. Ukielewa Mac inakagua nini, utajua lini ni salama kufungua na lini ni kuacha.

MAC INAANGALIA NINI

Faili lolote ukilipakua kwa kivinjari, au ukilitumiwa kwa imeli au AirDrop, Mac inalibandika alama ndogo isiyoonekana. Alama hiyo inaitwa com.apple.quarantine, na maana yake ni kwamba mzigo huu umetoka nje na haujakaguliwa. Siku ya kwanza ukiifungua hiyo programu, mlinzi wa Mac anayeitwa Gatekeeper anaiona alama na anaanza kuuliza maswali.

Swali la kwanza ni nani ameitengeneza. Mtengenezaji aliyejisajili Apple analipa dola 99 kwa mwaka na anapewa saini ya kidijitali, inaitwa Developer ID. Swali la pili ni kama mzigo uko vile vile alivyoufunga mwenyewe. Saini ile inafanya kazi kama lakiri ya mfuko, ukibadilisha hata kitu kidogo ndani, lakiri inavunjika. Swali la tatu ni kama Apple wameshaipitisha kwenye mashine zao za kutafuta virusi. Huo ukaguzi unaitwa notarization, na tangu macOS Catalina ya mwaka 2019 Mac inautaka kwa programu mpya zinazotoka nje ya App Store.

Sasa shika hili, maana ndio msingi wa kila kitu kinachofuata. Programu ikikosa saini haimaanishi ni mbaya. Kuna kijana mahali fulani anatengeneza programu nzuri ya bure na hizo dola 99 hana au hataki kuzilipa. Na programu yenye saini nayo haimaanishi ni malaika. Gatekeeper anakwambia tu kama anamjua aliyefunga mzigo na kama lakiri ni nzima. Kumwamini mwenye mzigo ni uamuzi wako.

UJUMBE UKO WA AINA TATU

Usibonyeze chochote kabla hujasoma. Kila aina ina dawa yake.

Aina ya kwanza ni ya kutomjua mtengenezaji. Kwenye macOS za zamani utaona maneno "can't be opened because it is from an unidentified developer" au "the developer cannot be verified". Kwenye Sequoia, yaani macOS 15 ya mwaka 2024, na zilizofuata utaona "Apple could not verify" halafu jina la programu. Hapa Mac inasema simjui huyu, au simwoni kwenye orodha ya waliokaguliwa. Hii inaweza kufunguliwa kwa njia halali, nitaonyesha hapa chini.

Aina ya pili ni "is damaged and can't be opened. You should move it to the Trash." Hapa Mac inasema lakiri haiendani na mzigo. Sababu inaweza kuwa ndogo tu, kama faili limepakuliwa nusu, na inaweza kuwa kubwa, kwamba mtu ameingia ndani akabadilisha vitu.

Aina ya tatu ni "will damage your computer", au ile inayosema wazi "contains malware". Hii ni tofauti kabisa na ya pili, ingawa neno damage linafanana. Hapa Mac inaijua hiyo programu kuwa ni mbaya, au saini yake imefutwa. Hii usiilazimishe kwa njia yoyote.

Kuna wakati aina ya tatu ilitokea kwa programu halali. Mwezi Oktoba 2020 saini ya programu za printa za HP ilifutwa kwa makosa, na watu duniani kote wakaona printa zao zinaitwa hatari. Lakini hata siku ile dawa haikuwa kulazimisha. Dawa ilikuwa kutoa programu ya zamani na kuweka mpya yenye saini nzima.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme una duka la viatu mtandaoni, una MacBook Air ya M1 uliyonunua ikiwa imetumika, na imewekwa Sequoia. Umenunua printa ndogo ya lebo na unataka programu ya bure ya kupanga jina la mteja na namba ya simu kwenye lebo. Umeipata kwenye tovuti ya mtengenezaji, faili linaitwa Lebo-1.4.dmg. Hilo jina nimelitunga mimi ili tuelewane, weka la kwako.

Umefungua faili, umeburuta programu kwenye folda ya Applications, umeibonyeza mara mbili. Kinakuja kiboksi: Apple could not verify. Chini kuna vitufe viwili, Done na Move to Trash. Bonyeza Done. Usibonyeze kile kingine, kitaitupa.

Kabla ya kwenda mbele, jiulize maswali matatu, hayamalizi dakika tano.

La kwanza, umeitoa wapi? Kama uliandika mwenyewe anwani ya tovuti ya mtengenezaji, sawa. Kama ulitafuta Google ukabonyeza lile tokeo la juu kabisa lililoandikwa ni tangazo, rudi nyuma. Wezi wananunua matangazo kwa majina ya programu maarufu na kuweka tovuti inayofanana kabisa na ya kweli.

La pili, je, programu hii ilitakiwa kuleta onyo? Programu za kampuni kubwa karibu zote zimesainiwa na kukaguliwa. LibreOffice kwa mfano ni ya bure lakini inatoka ikiwa imesainiwa. Ukipakua kitu kikubwa na maarufu halafu Mac inasema haimjui mtengenezaji, usianze kutafuta njia ya kufungua. Anza kujiuliza kama ulichonacho ni chenyewe. Kwa programu ndogo ya mtu mmoja, onyo ni kawaida, na mara nyingi mwenyewe ameandika kwenye tovuti yake kwamba onyo litakuja.

La tatu, je, kuna njia ya kulikwepa tatizo lote? Angalia kama ipo App Store, au kama kuna toleo jipya. Mara nyingi mtu anahangaika na toleo la miaka mitatu iliyopita wakati jipya limeshasainiwa.

Ukipenda uhakika zaidi, iulize Mac yenyewe. Fungua programu inayoitwa Terminal, bandika mstari huu ukiwa na jina la programu yako, halafu Enter.

```
spctl --assess --type execute -vv /Applications/Lebo.app
```

Amri hii haibadilishi kitu, inauliza tu. Ikijibu accepted na source=Notarized Developer ID, maana yake imesainiwa na kukaguliwa. Ikijibu rejected na source=Unnotarized Developer ID, mtengenezaji amesajiliwa ila hajaipeleka kukaguliwa. Ikijibu rejected na source=no usable signature, haina saini ya maana. Kukiwa na mstari wa origin, utaona jina la aliyesaini, lilinganishe na jina la mwenye tovuti. Programu ya lebo iliyosainiwa na jina usilolielewa hata kidogo, hiyo ni sababu ya kusimama.

KUIFUNGUA KWA NJIA HALALI

Umejiridhisha, chanzo ni sahihi na ujumbe ni ule wa aina ya kwanza. Kwenye Sequoia na zilizofuata fanya hivi.

1. Bonyeza programu mara mbili ili ikatae, kisha Done. Hatua hii ni ya lazima, bila kukataliwa kwanza kitufe tunachokitafuta hakitokei.
2. Bonyeza alama ya tufaha juu kushoto, ingia System Settings, halafu Privacy & Security.
3. Shuka chini kabisa mpaka sehemu iliyoandikwa Security. Utaona jina la programu yako na maneno kwamba imezuiwa, pembeni kuna kitufe cha Open Anyway. Kibonyeze.
4. Mac itakuonya tena. Bonyeza Open Anyway mara ya pili, weka pasiwedi ya laptopu au kidole chako.

Imefunguka. Kuanzia hapo itafunguka kama programu nyingine, maana umeiruhusu hiyo moja tu na ulinzi wa nyingine zote umebaki pale pale.

Watu wanakwama hatua ya 3, wanasema kitufe hakipo. Sababu ni kwamba kitufe kinakaa kama saa moja tu tangu programu ikataliwe. Ukijaribu asubuhi ukaenda kupeleka mizigo ukarudi jioni, hutakikuta. Rudia hatua ya 1.

Kama Mac yako ni ya Sonoma, macOS 14, kurudi nyuma, kuna njia fupi. Shika kitufe cha Control, bonyeza programu, chagua Open, kiboksi kikija bonyeza Open tena. Hii njia imeondolewa kwenye Sequoia, ndio maana video nyingi za zamani zinakuchanganya. Na kwenye Monterey kurudi nyuma, hakuna System Settings, kuna System Preferences, sehemu ya Security & Privacy, ukurasa wa General.

Kitu kimoja kwa walionunua Mac iliyotumika. Kama inakataa kila kitu kisichotoka App Store, hata programu za kampuni kubwa, angalia hapo hapo kwenye Security palipoandikwa Allow applications from. Pengine mwenye zamani aliweka App Store peke yake. Badilisha iwe ile inayoruhusu pia watengenezaji wanaojulikana. Inatosha, huhitaji kuzima chochote.

IKISEMA "DAMAGED"

Hapa Open Anyway kwa kawaida haitokei, na ndipo watu wanapoanza kubandika amri za mtandaoni. Tulia, fuata mpangilio.

Kwanza futa faili ulilonalo na ulipakue upya kutoka kwa mwenyewe. Bando likikata katikati faili linabaki nusu. Linganisha ukubwa, kama tovuti inasema faili ni MB 120 na lako ni MB 74, jibu umelipata.

Pili angalia njia iliyopita mpaka kukufikia. Programu ya Mac inaonekana kama faili moja ila kwa ndani ni folda yenye mamia ya vitu. Ikipitia kompyuta ya Windows, fleshi au WhatsApp, vingine vinapotea na lakiri inavunjika. Ipakue moja kwa moja kwenye Mac yenyewe, na kama ni faili la zip, lifungue kwa kulibonyeza mara mbili, usitumie programu nyingine ya kufungulia.

Tatu, kama mtengenezaji ameweka mstari mrefu wa herufi na namba ulioandikwa SHA-256, utumie. Ni kama alama ya kidole ya faili. Pata ya kwako hivi.

```
shasum -a 256 ~/Downloads/Lebo-1.4.dmg
```

Ikilingana herufi kwa herufi, faili limefika zima. Isipolingana hata herufi moja, faili sio lile. Ila kumbuka kikomo chake: kama tovuti yenyewe ni feki, na huo mstari ni wa feki, vitalingana vizuri tu. Kwa hiyo hii inathibitisha usafiri wa faili, haithibitishi uaminifu wa mtu.

Nne, kama faili ni zima na bado Mac inasema damaged, huenda mtengenezaji mwenyewe hajafunga lakiri vizuri. Hili linatokea sana kwenye Mac za M1 na kuendelea kwa programu za bure zisizosajiliwa Apple. Rudi kwenye tovuti yake usome maelekezo, au muulize. Baadhi wanaandika wazi kwamba utaona damaged, na wanakupa amri hii.

```
xattr -dr com.apple.quarantine /Applications/Lebo.app
```

Uelewe inafanya nini. Inabandua ile alama ya "mzigo umetoka nje", kwa hiyo Gatekeeper anaacha kuuliza. Haitengenezi faili lililoharibika na haiondoi kirusi. Ni sawa na kumwambia mlinzi wa getini asimkague mgeni huyu. Itumie pale tu ambapo chanzo ni cha mwenyewe, SHA-256 imelingana kama ipo, na maelekezo yametoka kwa mtengenezaji na sio kwa mtu wa komenti. Halafu iandike kwa programu moja hiyo hiyo, usiielekeze kwenye folda nzima ya Applications.

Na kwa wale wa kraki, yaani programu ya kulipia ambayo mtu ameivunja ili uitumie bure. Hiyo itasema damaged na itakuwa inasema kweli. Aliyeivunja lazima aliingia ndani kubadilisha, na lakiri ikavunjika hapo. Alichoongeza kingine humo ndani huwezi kukijua.

MAMBO YA KUTOFANYA

Usizime Gatekeeper yote. Kuna amri maarufu inayoanza na sudo spctl na neno master-disable. Hiyo hailengi programu yako moja, inalenga kufungua geti kwa kila kitu kitakachokuja kuanzia siku hiyo, na ni rahisi kusahau kulifunga.

Usifuate maelekezo ya kufungua yaliyochorwa ndani ya dirisha la faili lenyewe. Kuna mdudu anaitwa Atomic Stealer, amejulikana tangu 2023, anayeuzwa kwa wezi kupitia Telegram. Faili lake likifunguka lina picha nzuri yenye mshale: bonyeza kulia, chagua Open. Baada ya Sequoia kuondoa njia hiyo, matapeli wakabadilika, sasa wanakwambia fungua Terminal, buruta faili humo au bandika mstari huu. Programu ya kawaida unaiburuta kwenye Applications, basi. Ikikulazimisha kuingia Terminal na hujaliona hilo kwenye tovuti ya mwenyewe, funga.

Dalili nyingine ni kiboksi cha pasiwedi kinachokuja mara tu baada ya programu kufunguka, bila wewe kubadilisha mpangilio wowote. Programu ya kupunguza picha inataka pasiwedi ya laptopu ya nini? Mdudu yule anaitaka ili afungue hifadhi ya pasiwedi zako zote, pamoja na zile kumbukumbu za kivinjari zinazokuweka ndani ya akaunti. Akizipata hizo anaweza kuingia kwenye ukurasa wako wa biashara bila hata kuulizwa pasiwedi.

Ikishatokea umeiweka pasiwedi na roho inakwambia sio, zima waifai ya laptopu papo hapo. Chukua simu, ingia kwenye imeli kwanza, badilisha pasiwedi na uchague kutoa vifaa vyote vilivyoingia. Kisha fanya hivyo kwa ukurasa wa biashara, kisha piga simu benki. Kubadilisha pasiwedi peke yake hakutoshi, lazima utoe vifaa vyote, la sivyo mwizi anabaki ndani kwa kumbukumbu alizoiba. Ukitumia laptopu ile ile kubadilisha, unampa mpya.

Na la mwisho, kukosa onyo sio cheti cha usalama. Programu uliyopewa na rafiki kwenye fleshi inaweza isiwe na ile alama ya kutoka nje, na Mac ikaifungua bila kuuliza lolote. Maswali matatu ya mwanzo yaulize hata hapo.

Kama umekwama, weka komenti. Andika maneno ya ujumbe kama yalivyo, toleo la macOS yako, na programu umeitoa wapi. Picha ya kiboksi ni bora zaidi, ila ficha jina lako na namba za wateja kabla ya kuposti.